Daftari la malalamiko ya mtaa

Mshauri,

Nimefundisha kemia sekondari miaka 34 na nimestaafu mwaka jana nikiwa na miaka 60. Naishi Goba, Dar es Salaam. Baraza yangu iko njiapanda, kwa hiyo kila anayekwenda dukani au kituoni lazima tusalimiane, na akishasalimia haondoki bila kuacha lawama moja. Mwanzoni nilizisikiliza tu. Baadaye, kwa tabia ya ualimu, nikaanza kuziandika kwenye daftari: tarehe, nyumba, tatizo.

Mama wa nyumba ya pili alisema chai yake ina ladha ya tope, lakini si kila siku. Baba mmoja alibadilisha kichwa cha bomba la mvua mara tatu na bado kinaziba. Mwingine mashati meupe ya shule ya wanawe yanageuka manjano. Birika la jirani wa mkono wa kushoto limeota ukoko mweupe. Kuna ambaye boya la tenki lake halifungi, maji yanamwagika usiku kucha, na mwisho wa mwezi anapigana na bili. Na yupo bibi mmoja aliyeniambia maji yake yananuka "kama maua ya msibani siku ya tatu".

Baada ya miezi mitano nilikuwa na malalamiko 47. Siku moja umeme umekatika nikakaa kuyapanga kwa tarehe, nikaona jambo. Chai ya tope inaangukia Jumatano na Jumamosi tu. Maji yetu ya mgao huja usiku wa Jumanne na usiku wa Ijumaa. Nikamwomba kijana wa jirani, aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi, apande kwenye tenki la yule mama na tochi. Akaniambia, "Mwalimu, chini kuna udongo wa kupandia mchicha." Kwa yule bibi ndiyo hatukucheka: mfuniko ulipasuka zamani, na ndani alikuwamo mjusi aliyekufa.

Tukayaosha yote mawili. Mama akanipa 20,000 na jogoo. Wiki hiyohiyo watu watatu wakaja kuuliza nitapita lini kwao, kwa sababu nilikuwa nimesimulia ile habari ya mjusi barazani.

Sasa swali. Kwenye kiinua mgongo nimebakiwa na milioni 3. Mwanangu anataka ninunue bodaboda ya mkataba. Mimi naona kama hili daftari linaniambia kitu, ila naogopa ni uchovu wa kukaa bure. Kusafisha matenki ya watu ni biashara, au ni ujirani tu?

Mwalimu mstaafu, Goba

*

Shikamoo Mwalimu.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa na kikosi cha kuosha matenki kwa miaka 9, mpaka goti likanikatalia ngazi. Kwa hiyo barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa wivu. Mimi nilianza bila daftari, na nilipata hasara ya mwaka mzima kwa kuahidi watu vitu ambavyo brashi haiwezi kuvifanya. Nianzie hapo.

Malalamiko yako 47 si ya kundi moja. Kuna uchafu uliokaa ndani ya tenki. Kuna vifaa vilivyoharibika, yaani mfuniko, boya, chujio. Halafu kuna maji yenyewe, jinsi yalivyotoka ardhini. Makundi mawili ya kwanza ni kazi yako. La tatu litakuvunjia jina. Yule mwenye mashati ya manjano akikulipa, ukamwoshea tenki likang'aa, na wiki ya pili mashati yakaendelea kugeuka, hatasema maji yana chuma. Atasema Mwalimu kala hela yangu. Hali kadhalika mwenye birika. Ule ukoko ni chokaa iliyoyeyuka ndani ya maji, na mara nyingi hutokana na maji ya kisima kirefu au ya boza lililojaziwa kisimani. Unaweza kusugua tenki hadi upate malengelenge, chokaa itaingia tena na maji ya kesho.

Kuyatenganisha hakuhitaji maabara. Nenda kwa mlalamikaji na glasi mbili za kioo. Moja ijaze kwenye koki iliyo karibu na mita, kabla maji hayajaingia tenkini, siku ya mgao. Nyingine ijaze kwenye bomba la jikoni, linalotoka tenkini. Zote zikiwa na rangi na harufu ileile, tenki halina kosa, usichukue kazi. Ya jikoni ikiwa chafu kuliko ya mita, hapo una kazi. Kisha ziache dirishani mpaka asubuhi. Maji yaliyochafuka kwa udongo hutulia na kuacha tabaka chini ya glasi. Maji yenye chuma hufanya kinyume: huweza kutoka meupe kabisa, halafu yakishakaa na hewa yanageuka rangi ya kutu. Wewe ni mwalimu wa kemia, sina haja ya kukueleza kwa nini. Na kama sabuni haitoi povu, hiyo ni chokaa au chumvi. Mwambie mwenye nyumba ukweli na umwachie glasi zake.

Ile Jumatano na Jumamosi uliyoiona ndiyo moyo wa barua yako. Bomba la kujazia lipo juu ya tenki, la kutolea lipo pembeni, sentimita chache kutoka chini. Tope hulala chini ya lile tundu la kutolea kwa utulivu siku zote ambazo hakuna maji mapya. Mgao ukija baada ya tenki kukauka, maji yanadondoka kutoka juu kwa nguvu, yanalikoroga lile tope, na asubuhi linaingia kwenye sufuria ya chai. Mchana limeshatulia tena. Ndiyo maana watu hawashtuki: tatizo linajiponya kabla hawajamwita fundi. Na kichwa cha bomba la mvua kinachoziba nadhani kinatokana na tope hilohilo, ila kifungue uone. Kikiwa na mchanga na utelezi, ni tenki. Kikiwa na gamba gumu jeupe, ni chokaa, nacho kinarudi kwenye lile kundi la tatu.

Sasa kazi yenyewe. Vitabu vingi vya maji vinafundisha kujaza tenki lote maji yenye klorini ya miligramu 50 kwa lita, kuyaacha saa 24, kisha kuyamwaga. Kwa tenki la lita 1,000 hiyo ni karibu lita moja na nusu ya jiki ya asilimia 3.5. Njia ni nzuri, lakini jaribu kumwambia mtu wa Goba amwage lita 1,000 za mgao. Mimi nilitumia njia ya kufuta kuta. Mwombe mteja atumie maji yake mpaka yabaki kiasi cha kiganja kutoka chini. Chota maji ya juu yaliyo safi, yaweke kwenye ndoo, hayo ndiyo utakayooshea. Tope liondoe kwa kopo na sifongo, au mkiwa watu wawili lifungueni tenki mlilaze ubavu. Sugua kwa brashi ya nyuzi za plastiki yenye mpini mrefu, kamwe usitumie brashi ya chuma wala unga wa kusugulia sufuria, maana mikwaruzo ndiyo nyumba ya utelezi unaofuata. Suuza. Kisha tia mililita 115 za jiki hiyo kwenye ndoo ya lita 20, koroga, upate miligramu 200 kwa lita. Paka kuta zote, mfuniko kwa ndani, na mdomo wa bomba. Acha dakika 30 zikiwa bado zimelowa, kisha suuza tena na ufungulie mabomba yote ya nyumba mpaka harufu ya jiki iishe. Kazi nzima inakula kama lita 100 za maji.

Jiki iwe isiyo na manukato, na tazama tarehe. Chupa iliyokaa juani dukani imeshapoteza nguvu yake. Chukua ile iliyo nyuma ya rafu.

Mambo mawili yasikupate. La kwanza ni kuchanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi. Utakuta mteja ameshaanza "kukusaidia" kwa kumwaga dawa yake kabla hujafika, kwa hiyo uliza kwanza, kila mara. La pili ni visima vya zege vilivyo chini ya uwanja. Mwaka wa kwanza vikatae vyote. Hewa ya mle ndani huwa haitoshi, na mtu akishusha pampu ya petroli shimoni ili kukausha maji, moshi wake unaua bila kunuka sana. Watu wameingia kumwokoa aliyezimia nao wakazimia juu yake. Tenki la plastiki la lita 1,000 linaoshwa kutoka mdomoni, hakuna anayeingia. Hayo ndiyo ya kuanzia.

Na wewe mwenyewe usipande. Minara ya matenki ya mitaani mingi ni mbao zilizooza zikibeba tani nzima. Tenki likijaa lita 1,000 ni kilo 1,000, watu husahau. Kijana wako apande baada ya kugonga mbao na kutikisa nguzo, na awe na mwenzake wa kushika ngazi. Kazi yako iwe glasi, vipimo vya dawa na daftari.

Tuje kwenye hela, na hapa naomba uwe mkali na nafsi yako. Tuchukulie tenki la lita 1,000 kwa 25,000. Vijana wawili, 6,000 kila mmoja, ni 12,000. Bajaji, jiki na vitambaa, 3,500. Weka pembeni 2,000 za kuchakaa kwa ngazi na brashi. Unabaki na 7,500. Lakini mteja haoshi tenki kila wiki. Kwa maji ya mgao yenye tope kama yenu, mara mbili kwa mwaka inatosha. Mtaa wako ukiwa na nyumba 40 na zote zikakukubali (hazitakubali zote), hizo ni kazi 80 kwa mwaka. Zidisha: laki 6 kwa mwaka, elfu 50 kwa mwezi. Malalamiko ya mtaa mmoja yametosha kukupa wazo, ila hayatoshi kukulipa.

Halafu kuna kizuizi ambacho daftari lako lenyewe limekionyesha. Huwezi kuosha tenki siku yoyote. Ukimwoshea mtu tenki Jumatano umemmwagia maji aliyoyasubiri siku nne. Siku zako za kazi ni Jumanne mchana na Ijumaa mchana, tenki likiwa linakaribia kukauka na mgao unakuja usiku. Vijana wawili wanamaliza matenki matatu kwa siku bila kukimbizana. Hayo ni sita kwa wiki, kama 300 kwa mwaka, yaani nyumba 150. Hapo ndipo inapokuwa biashara, kama 187,500 kwa mwezi kwako, na vijana nao wana siku mbili za uhakika. Ukitaka kuongeza siku, usitafute wateja zaidi mtaani kwako. Tafuta mtaa ambao mgao wake ni siku nyingine. Ratiba ya maji ndiyo ratiba yako, na mshindani asiyeijua atakuwa anagombana na wateja kila Jumatano.

Nyumba 150 hutazipata barazani. Anza na wenye nyumba za kupangisha, kwa sababu mmoja ana matenki matatu au manne na wapangaji ndio wanaomlalamikia. Kisha shule za awali na zahanati binafsi. Hao watadai risiti, kwa hiyo chukua namba ya mlipakodi TRA, hailipiwi, na uulize pale serikali ya mtaa kuhusu leseni kabla hujaambiwa na mtu mwingine. Kwenye kundi la pili la daftari, yaani boya, mfuniko, chujio, usiwe fundi. Mwite fundi bomba mmoja mwaminifu, akupe kitu kidogo kwa kila kazi. Mfuniko uliopasuka haufai kufunikwa kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, kwa sababu mwanga unaootesha ukijani kwenye ndoo ndio huo huo utakaouotesha tenkini.

Katika milioni 3, usitoe zaidi ya laki 5 mwanzoni. Ngazi imara, brashi mbili, ndoo, mpira, glavu, miwani ya kukinga macho, na kipimo cha klorini cha matone au cha vijiti, vile vinavyotumika kwenye mabwawa ya kuogelea. Hicho cha mwisho wengine watakiona anasa. Kwako ndicho kinachokutofautisha na kijana mwenye brashi. Baada ya mgao wa kwanza rudi upime: kama maji yanayoingia yana klorini kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, na yanayotoka tenkini bado yamebakiza kiasi, kazi imeshika. Kama inaingia lakini haitoki kabisa, kuna uchafu umebaki unaila, rudia bila malipo. Kama hata kwenye mita ni sifuri, kipimo hiki hakiwezi kukuhukumu, na mwenye nyumba anapaswa kulijua hilo. Ila hata kipimo kikiwa kizuri, usimwambie mtu kwamba maji yake sasa ni ya kunywa. Wewe umeosha chombo. Kinachoingia kesho hukijui, kwa hiyo waendelee kuchemsha, na uwaandikie hivyo kwenye risiti.

Bodaboda ya mkataba siisemi vibaya. Lakini mwambie mwanao milioni 2 na nusu bado ipo, na mjadala wake uahirishwe miezi sita, mpaka wateja wa kwanza wafikie siku ya kuoshewa mara ya pili. Wakikuita wenyewe, una biashara. Ukiwapigia simu na wakasema "tutaona", basi ilikuwa ujirani, na umepoteza laki 5 tu. Ili wakumbuke, andika tarehe ya kuosha kwa rangi ubavuni mwa tenki, upande unaoonekana kutoka barabarani. Mimi nilipata wateja wengi kwa tarehe hizo kuliko kwa maneno.

Kuhusu ujirani wenyewe, weka mpaka mapema. Kusikiliza barazani ni bure, kama zamani. Glasi mbili ni bure. Ngazi ikishaegemezwa kwenye mnara, ni 25,000, hata kwa mtu aliyekukopesha chumvi. Isipokuwa yule bibi, huyo najua hutamtoza, na mimi nisingemtoza.

Ila kuna jambo moja ulilonieleza kwa furaha ambalo halikunifurahisha. Ile habari ya mjusi usiisimulie tena. Imekuletea wateja watatu, sawa, lakini kila anayecheka barazani pako anajiuliza utasema nini ukishapanda kwake. Kilichomo ndani ya tenki la mtu ni kama kilichomo ndani ya chumba chake. Nenda kwa yule bibi wiki hii, kabla ya Jumanne, umtake radhi kwa kuwa habari yake imezunguka mtaani.

Na ukipita mkono wa kushoto, mwambie mwenye birika achemshe kikombe kimoja cha siki na viwili vya maji, aache saa moja, kisha asuuze. Ukoko utatoka. Utarudi baada ya mwezi, na hilo nalo mwambie.